Meli kuzuiliwa bandarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukaguzi wa meli za kigeni

Maswali haya huulizwa sana na mabaharia vijana, makarani wa mawakala wa meli na hata wenye mizigo wanaosubiri shehena yao huku meli imefungwa gatini Mombasa au Dar es Salaam. Nimeyajibu kwa mtazamo wa mtu wa melini, kwa sababu kasoro nyingi zinazozuia meli zingeweza kuonekana na mabaharia wenyewe kabla mkaguzi hajapanda ngazi.

Huu ukaguzi ni nini, na nani anaufanya?

Kila meli ina nchi ya bendera, na nchi hiyo ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kuhakikisha meli ni salama. Shida ni kwamba meli inaweza kuzunguka dunia miaka mingi bila kutia nanga hata mara moja katika nchi iliyoisajili. Kwa hiyo mikataba ya kimataifa, kama SOLAS ya usalama, MARPOL ya uchafuzi, STCW ya vyeti vya mabaharia na MLC ya haki zao, imeipa nchi yenye bandari haki ya kupanda meli ya kigeni, kuikagua, na kuizuia isiondoke ikiwa ni ya hatari.

Kenya kazi hii iko mikononi mwa Mamlaka ya Bahari, KMA. Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Nchi za ukanda wetu hushirikiana kupitia Hati ya Makubaliano ya Bahari ya Hindi, iliyokubaliwa Pretoria Juni 1998 na kuanza kutumika Aprili 1999, yenye ofisi yake Goa, India. Ulaya wana ya kwao ya Paris, Asia na Pasifiki ya Tokyo, na nchi za Ghuba ya Riyadh. Oman imo katika ya Riyadh na ya Bahari ya Hindi pia, ndiyo maana meli inayotoka Muscat ikaja Mombasa inaweza kukuta wakaguzi wameshaisoma habari yake.

Mfumo huu ulizaliwa na ajali. Machi 1978 meli ya mafuta Amoco Cadiz iliharibikiwa usukani karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, ikapanda mwamba na kumwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta ghafi. Hasira za watu wa pwani ile ndizo zilizosukuma nchi za Ulaya kutia sahihi hati ya Paris mwaka 1982, na kanda nyingine zikafuata.

Je, kila meli inakaguliwa? Na majahazi yetu?

Hapana, si kila meli kila safari. Mkaguzi huchagua kwa kuangalia umri wa meli, aina yake, bendera yake, chama cha klasi, yaani shirika la kupima ubora wa meli, kilichoipa vyeti, kampuni inayoiendesha, na imewahi kuzuiliwa mara ngapi. Meli ya miaka 5 yenye kampuni safi inaweza kuachwa muda mrefu. Meli ya miaka 25 iliyozuiliwa mwaka jana itapandiwa karibu kila bandari. Pia malalamiko ya baharia, ripoti ya rubani wa bandari au ajali njiani huweza kuleta ukaguzi wakati wowote.

Kuhusu majahazi, SOLAS kwa upande wa meli za mizigo inazihusu zile za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 500 na kuendelea, na inaviacha nje vyombo vya mbao vya kiasili. Jahazi la kutoka Lamu au Unguja linaangaliwa kwa sheria za nchi. Ila meli ndogo ya chuma isiyofikia tani 500 isijidhanie imepona. Mkaguzi ana ruhusa ya kuipima kwa akili yake ya kazi, na akiiona ni hatari kwa waliomo au kwa bahari, anaweza kuizuia vilevile. Tena meli ya nchi ambayo haikuridhia mkataba fulani haipewi nafuu kwa sababu hiyo.

Mkaguzi akipanda anaanza wapi?

Anaanza kabla hajapanda. Akiwa bado gatini anatazama mistari ya shehena ubavuni, kutu, ngazi ya kupandia, kamba za kufungia meli. Akifika juu anajitambulisha kwa nahodha, anaonyesha kitambulisho, anaomba vyeti na daftari mbalimbali. Halafu anatembea: briji, sitaha, jiko, vyumba vya mabaharia, chumba cha injini.

Kama vyeti ni halali na matembezi hayakuonyesha tatizo, ukaguzi unaishia hapo. Lakini akipata sababu ya wazi ya kushuku, anaingia kwenye ukaguzi wa kina. Sababu hiyo inaweza kuwa cheti kilichokwisha muda, mafuta yaliyotapakaa chini ya injini, au baharia aliyeulizwa boti lake la kuokolea maisha ni lipi akabaki anatazamana na mwenzake. Wengi wanadhani mkaguzi huja na nia ya kutafuta makosa mpaka ayapate. Kwa niliyoyaona, saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na meli yenyewe ndiyo inayomwambia aende mbele au arudi.

Ni kasoro gani hasa zinazoweza kuzuia meli?

Shirika la Bahari la Kimataifa, IMO, limetoa mwongozo wa ukaguzi, kama ule wa azimio A.1185(33) la mwaka 2023. Ndani yake kuna orodha ndefu ya kasoro zinazotosha kuzuia meli, lakini mbele ya orodha kuna swali ambalo ndilo msingi wa yote: je, katika safari inayofuata, meli hii na watu wake wanaweza kuendesha kwa usalama, kuzima moto popote utakapozuka, kuiacha meli haraka ikibidi, kuwasiliana wakiwa hatarini, kuzuia maji yasiingie na mafuta yasimwagike, na kuishi humo katika hali ya kibinadamu? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, mkaguzi anatakiwa afikirie kwa uzito kuizuia.

Ukilishika swali hilo, orodha haihitaji kukaririwa. Kioo kilichopasuka cha chumba cha baharia ni kasoro, lakini meli itasafiri salama. Jenereta ya dharura isiyowaka ni jambo lingine, kwa sababu siku umeme mkuu ukikatika katikati ya bahari, taa, redio na usukani vyote vinaitegemea hiyo moja.

Katika ripoti, kila kasoro huandikiwa namba ya hatua inayotakiwa. 10 maana yake imesharekebishwa. 15 irekebishwe bandari inayofuata. 16 irekebishwe ndani ya siku 14. 17 irekebishwe kabla ya kuondoka. 30 ndiyo inayozuia meli. Mabaharia wengi huchanganya 17 na 30, na ni rahisi kuona kwa nini, maana zote mbili zinakutaka urekebishe kabla ya kung'oa nanga. Tofauti ni kwamba 17 haihesabiwi kuwa kuzuiliwa, lakini 30 inakwenda kwa nchi ya bendera, kwa klasi, na kwenye orodha ya meli zilizozuiliwa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Tupe mfano wa meli inayozuiliwa, hatua kwa hatua.

Tuchukue meli ya mfano. Ni meli ya shehena ya jumla, ina miaka 24, imeleta klinka ya kutengenezea saruji Mombasa na inatarajia kuondoka keshokutwa. Vyeti vyote viko sawa. Kutembea sitahani mkaguzi ameona vizibo viwili vya matundu ya hewa ya chumba cha injini vimeshikwa na kutu, mpini unasukumwa haugeuki. Hivyo vizibo ndivyo vinavyofungwa moto ukiwaka ili kuunyima hewa, na bila kuvifunga, gesi ya kaboni dioksidi ya kuzimia moto itatoka yote nje. Kwa hiyo ana sababu ya wazi, na anaomba majaribio.

La kwanza ni jenereta ya dharura. Anamwomba chifu injinia akate umeme unaotoka swichibodi kuu kwenda swichibodi ya dharura, halafu anatazama saa. SOLAS inataka jenereta ijiwashe yenyewe na kuanza kutoa umeme ndani ya sekunde 45. Injini inawaka vizuri tu, inanguruma, lakini breka ya umeme haijifungi na taa za dharura hazirudi. Fundi umeme anakimbilia kuifunga kwa mkono. Mkaguzi anaandika. Kisha anaomba iwashwe kwa njia ya pili, kwa sababu sheria inataka akiba mbili za nguvu ya kuwashia. Hapa njia ya pili ni ya shinikizo la mafuta ya haidroliki, na geji yake inasoma sifuri.

La pili ni pampu ya dharura ya zimamoto. Mabaharia wanatandika mipira miwili, mmoja mbele kabisa na mmoja juu karibu na briji. Pampu inawaka, maji yanatoka, lakini yanadondoka karibu na miguu ya mshika mpira. Anauliza vali ya kutenganisha bomba la chumba cha injini iko wapi. Inapatikana, ila imekwama wazi, na maji yote yanateremkia kwenye bomba la chumba cha injini, mahali ambapo kwa kudhania pameshawaka moto. Pampu yenyewe ni nzima kabisa. Vali moja ndiyo imeifanya isifae kitu.

La tatu ni boti la kuokolea maisha. Injini yake inawaka jaribio la tatu, hiyo ingepita kwa namba 17. Lakini kulabu ya nyuma imepakwa rangi juu ya rangi hata haifunguki.

Sasa sikiliza kinachofuata, kwa sababu ndicho kinachowaumiza wengi. Mkaguzi anaomba kumbukumbu za matengenezo. Humo imeandikwa kwamba kila wiki jenereta ya dharura imejaribiwa, iko sawa, na kila mwezi vizibo vimefunguliwa na kufungwa, viko sawa. Kutu ile haikuota kwa wiki moja. Maana yake ni kwamba mabaharia walikuwa wanawasha jenereta kwa mkono bila kuipa mzigo, na vizibo vilikuwa vinajaribiwa kwa kalamu. Hapo kasoro zinaacha kuwa za vyuma na kuwa za uongozi, na mkaguzi anaandika kwamba mfumo wa usimamizi wa usalama wa meli, ule wa ISM, haufanyi kazi. Hiyo nayo anaipa 30.

Jioni nahodha anapewa hati ya kuzuiliwa. Kasoro 9, na 5 kati yake zina namba 30: vizibo, jenereta, pampu, kulabu na ISM. Za vyuma zote, ukiondoa breka ya umeme na mafuta ya haidroliki, ni kazi ya grisi, brashi ya waya na mafundi wawili kwa siku moja. Lakini siku hiyo moja ilitakiwa iwe wiki iliyopita, baharini.

Na chumba cha injini? Mbona huwa kinazungumzwa sana?

Kwa sababu ndipo moto na uchafuzi vinapoanzia. Mkaguzi anaangalia vitu vitatu zaidi ya vingine. Kwanza ni usafi: maji yenye mafuta yaliyojaa chini ya injini, na pamba ya kuzuia joto kwenye mabomba ya moshi iliyolowa mafuta. Pamba iliyolowa ikipata joto la bomba la moshi ni moto unaosubiri saa yake, na mwongozo wa IMO unaitaja kwa jina kama sababu ya kuzuia meli.

Pili ni kitenganishi cha mafuta na maji. Maji yanayotolewa baharini yasizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni. Mkaguzi ataomba kiwashwe, kisha atajaribu kama kengele inalia na vali inarudisha maji tangini. Atatafuta pia bomba la pembeni la kukwepa kitenganishi. Anatazama flanji ambazo rangi yake ni mpya kuliko ya jirani zake, au boliti zenye alama za spana za juzi. Bomba la namna hiyo likionekana, usitegemee huruma, na nchi kama Marekani hulifuata mpaka mahakamani.

Tatu ni daftari la mafuta. Hulinganisha kilichoandikwa na kilichomo tangini. Kama daftari linasema tangi la mafuta machafu lina mita za ujazo 4 na kipimo kinaonyesha 11, kuna kitu kimeandikwa uongo, na chifu ndiye atakayeulizwa. Tangi lililojaa kiasi cha kutobeba taka za safari inayofuata nalo linatosha kuizuia meli mpaka taka zishushwe.

Vyeti vyetu vyote ni halali. Bado tunaweza kuzuiliwa?

Ndiyo. Cheti ni ushahidi kwamba siku ya ukaguzi wa klasi meli ilikuwa sawa. Ile meli ya mfano ilikuwa na vyeti kamili.

Vipi kuhusu mishahara, chakula na saa za kupumzika?

Mkataba wa MLC wa 2006 umeyafanya haya kuwa mambo ya kuzuia meli, na Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Mishahara isiyolipwa kwa muda mrefu, maji ya kunywa yasiyotosha, chakula kilichooza, vyoo visivyofanya kazi, au baharia aliye chini ya miaka 16 vinaweza kuifunga meli gatini hata injini ikiwa mpya. Mwaka 2024 kampeni ya pamoja ya Paris na Tokyo, ile inayofanyika kila mwaka kuanzia Septemba hadi Novemba, ilihusu mishahara na mikataba ya ajira ya mabaharia.

Saa za kupumzika zisipungue 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku 7. Mkaguzi hasomi jedwali la kupumzika peke yake. Analiweka kando ya daftari la safari na kumbukumbu za upakiaji. Ikiwa meli ilifunga gati saa 8 usiku na ofisa wa kwanza ameandikwa alikuwa amelala, jedwali hilo halina thamani tena.

Baharia mwenye malalamiko ana haki ya kumwambia mkaguzi moja kwa moja, na mkaguzi haruhusiwi kumtaja aliyelalamika. Vijana wetu wengi wanaopanda meli za kigeni hawalijui hili, wanavumilia miezi mpaka mkataba uishe.

Hatuna kasoro kubwa hata moja, ila ndogo nyingi. Tuko salama?

Si lazima. Mwongozo unamruhusu mkaguzi kuzitazama kwa pamoja. Taa moja ya dharura iliyoungua si kitu. Taa 6, alama za njia ya kutokea zilizofutika, milango ya moto inayofungwa kwa kamba ibaki wazi na baharia asiyejua kuvaa chupa ya hewa, vyote vikiwa kwenye sitaha ile ile, vinasema kwamba moto ukiwaka usiku watu hawatatoka. Hapo anaweza kutoa 30.

Kitu kikiharibika njiani, tusiseme ili tusizuiliwe?

Kinyume chake kabisa. Kama rada imekufa au ubavu umepigwa na mawimbi katika safari hii, nahodha aiarifu nchi ya bendera, klasi na mamlaka ya bandari kabla ya kuingia, na aeleze hatua anazochukua, kwa mfano fundi ameshaitwa na kipuri kiko njiani. Mwongozo unasema wazi kwamba uharibifu wa ajali uliotokea safarini na kuripotiwa hivyo haustahili amri ya kuzuia, maadamu urekebishwe kabla ya kuondoka. Ukinyamaza na mkaguzi akaukuta mwenyewe, umeshauhamisha kutoka ajali kwenda uzembe. Ninawasihi mawakala walisukume hili. Karani wa wakala anayeuliza kwa barua pepe siku mbili kabla, "Kepteni, kuna kitu chochote hakifanyi kazi?", anaokoa pesa nyingi kuliko anayekimbilia gatini baada ya hati kutolewa.

Tumezuiliwa. Nini kinafuata?

Nchi ya bandari inaiarifu nchi ya bendera na klasi mara moja. Kwa kawaida mkaguzi wa klasi hupanda, anaziona kasoro, anasimamia matengenezo. Yakishaisha, nahodha au wakala anaomba ukaguzi wa marudio, na gharama zake nchi nyingi humtoza mwenye meli. Ada ya gati inaendelea kuhesabika, na mara nyingi aliyeikodi meli anaacha kulipa kodi kwa siku hizo. Ndiyo maana siku 3 za kuzuiliwa zinauma kuliko bei ya vipuri vyote vilivyokosekana.

Kama kasoro haiwezi kurekebishwa bandarini, tuseme bamba la chini linahitaji chelezo, meli inaweza kuruhusiwa iende kwenye karakana iliyo karibu na inayofaa, kwa masharti yaliyokubaliwa na nchi ya bendera. Meli ikiahidi kwenda karakana na isifike, habari inasambazwa kwa nchi zote za kanda na itafungiwa.

Mwenye meli ana haki ya kukata rufaa, ila rufaa haiifungui meli. Matengenezo yaendelee huku barua zikiandikwa. SOLAS pia inasema meli iliyocheleweshwa bila sababu ya haki inastahili fidia, kwa hiyo weka kumbukumbu za kila saa na kila mazungumzo.

Kuzuiliwa huku ni sawa na meli kukamatwa na mahakama?

Hapana, na magazeti huchanganya mambo haya mara kwa mara. Mahakama hukamata meli kwa sababu ya deni au kesi: mafuta hayakulipwa, mzigo umeharibika, mabaharia wanadai. Meli hufunguliwa dhamana ikiwekwa. Meli iliyozuiliwa na mkaguzi haiwezi kuwekewa dhamana ikaondoka. Inafunguliwa kasoro zikisharekebishwa, basi. Meli moja inaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Bendera ya meli ina uzito gani? Tunasikia bendera ya Tanzania na ya Komoro zina sifa mbaya.

Ni kweli, na inauma kuliandika. Kwa miaka mingi bendera hizi mbili zimekuwa katika kundi la chini la hati ya Paris, lile la meli zinazozuiliwa mara nyingi kupita kiasi. Sehemu kubwa ya meli hizo hazijawahi kuiona pwani yetu; wenyewe wako mbali, wamenunua usajili tu. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa nje na dawa za kulevya na silaha, Rais Magufuli aliamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe na zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe.

Kwa baharia na mwenye meli mwaminifu matokeo ni haya: meli yako itahesabiwa ya hatari zaidi, itakaguliwa mara nyingi zaidi, na ikienda Ulaya ikazuiliwa zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 36, inaweza kukatazwa kabisa kuingia bandari zao.

Mwenye meli akiitelekeza baada ya kuzuiliwa?

Hili ndilo jambo ninalotaka kila baharia alijue kabla ya kusaini. Kesi inayojulikana kuliko zote ni ya Rhosus, meli iliyosajiliwa Moldova. Septemba 2013 ilipakia Batumi, Georgia, tani 2,750 za amonia naitreti kwa ajili ya Beira, Msumbiji, hapa hapa katika bahari yetu. Ilipitia Beirut, ikakaguliwa, ikaonekana haifai kusafiri, ikazuiliwa. Mwenye meli aliiacha. Mabaharia wengi waliruhusiwa kurudi makwao, lakini nahodha na wenzake watatu walibakizwa ndani ya meli karibu mwaka mzima. Shehena ilishushwa ikawekwa ghala namba 12, meli ikazama hapo bandarini mwaka 2018, na tarehe 4 Agosti 2020 shehena ile ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Mkaguzi alikuwa sahihi kuizuia. Waliokuja baadaye ndio walioiacha shehena bila mwenyewe.

Tangu Januari 2017, marekebisho ya MLC yanaitaka kila meli inayohusika na mkataba huo iwe na bima ya kutelekezwa kwa mabaharia. Bima hiyo inalipa nauli ya kurudi nyumbani, chakula na maji, matibabu, na mishahara ya hadi miezi 4. Cheti chake kinatakiwa kibandikwe melini mahali ambapo mabaharia wanaweza kukisoma, na kina jina na mawasiliano ya kampuni ya bima. Siku ya kwanza ukipanda meli kitafute, kipige picha, na uitunze kwenye simu ya mtu aliye nyumbani. Ikiwa mwenye meli hajatuma mshahara kwa miezi 2, au ameacha kuleta chakula na kukata mawasiliano, kisheria umeshatelekezwa. Mpigie mtu wa bima mwenyewe, na mpelekee habari hiyo mkaguzi wa bandari, usimsubiri nahodha.